Hasira ni ya Nani?

Niliitwa siku moja kwenye kikao cha jamaa zetu, hapa Mombasa katika Mji wa Kale, nikawe mmojawapo wa wazee wa kusikiliza. Jambo lenyewe lilianza kwa leso.

Mke wa mpwa wangu ni binti wa kwetu kwa damu, lakini alilelewa Uingereza tangu hajafika umri wa miaka sita. Alipoolewa aliletwa kwa wakwe zake, akakaa nao mwaka kasoro miezi. Asubuhi moja wifi yake mkubwa alitoka chumbani amejifunga leso mpya, jina lake la kumsema mgeni asiyejua kuondoka. Akapita nayo ukumbini, akaingia jikoni, akarudi tena. Hakusema neno, wala hakumtazama mtu.

Binti yule akaisoma ile leso, akaelewa. Akafanya kama alivyofundishwa huko alikolelewa. Alimwendea wifi yake mbele ya mavyaa yake, na mbele ya majirani wawili waliokuja kunywa kahawa, akamwambia kwa sauti ya upole, pasi na tusi: "Wifi, leso yako imeniumiza. Nimekasirika, na sipendi kuficha. Kama una neno nami, hebu tuketi tulizungumze."

Wifi akajibu: "Leso? Leso ni nguo, wifi yangu. Nimeinunua dukani kama watu wote."

Majirani waliacha vikombe vyao vya kahawa nusu, wakaaga. Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Hakuna aliyemtukana yule binti. Salamu zake zilijibiwa zote, na chakula chake kiliwekwa kando kimefunikwa vizuri. Lakini kila aketipo, wenziwe waliondoka mmoja mmoja, huyu ana nguo juani, huyu ana mtoto alia. Mavyaa yake, ambaye zamani alikuwa akimgombeza kwa chumvi ya pilau kama amgombezavyo mwanawe wa kumzaa, sasa hakumgombeza hata kidogo. Alimwambia "ahsante" kwa kila kitu. Mtu wa pwani asomaye maneno haya ajua kwamba ahsante nyingi namna hiyo, ndani ya nyumba moja, ni habari mbaya.

Tulipoketi kikaoni neno la talaka lilikuwa limekwisha kunong'onwa. Yule binti akatuuliza sisi wazee swali moja tu: "Nimekosa nini? Nimesema uongo?"

Hakuna aliyeweza kumjibu, nami pia sikuweza. Sote tulijua kuwa amekosa, na sote tulijua kuwa hakusema uongo. Swali lile nilirudi nalo nyumbani, nikalitafutia jawabu katika mambo niliyoyasoma na niliyoyaona, na makala haya ni matunda ya kutafuta huko.

NAFSI MBILI

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, bibi mmoja wa Kimarekani, Hazel Markus, na bwana wa Kijapani, Shinobu Kitayama, waliandika makala ambayo tangu hapo yametajwa na wanazuoni wengi mno. Walisema kwamba watu hawana namna moja tu ya kufahamu "mimi" ni nini. Kuna mahali ambapo mtu hufahamika kama kitu kilicho kamili peke yake, mwenye mipaka yake, na yaliyo ndani yake ni mali yake. Kuna na mahali ambapo mtu hufahamika kwa nafasi aliyonayo kati ya watu: huyu ni mwana wa fulani, mke wa fulani, jirani wa fulani, na ukimtoa katika nafasi hizo hujui tena ni nani.

Wakasema kwamba tofauti hiyo huteremka mpaka katika mapenzi, huzuni na hasira. Kwa mtu wa namna ya kwanza, hasira ni ushahidi kwamba haki yake imeguswa au njia yake imezibwa. Kuitoa ni kusema kweli juu ya nafsi yake, na kuificha ni kama kujikana. Kwa mtu wa namna ya pili, hasira iliyotolewa ni kitu kilichotupwa katikati ya watu, na swali la kwanza si kama ni ya kweli, bali itamvunja nani.

Mwanachuoni mwingine, Batja Mesquita, aliyezaliwa Uholanzi, akaliongeza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 2022. Yeye asema kwamba katika nchi za Magharibi watu huziona hisia kama zimo ndani ya mtu, na sehemu nyingi za dunia huziona kama zimo baina ya watu. Hasira katika mataifa haya ya pili ni jambo linalotendeka: ni kugeuza uso, ni kuacha kutembeleana. Hufikiriwi kwanza moto ulioko kifuani.

Sasa mtazame binti yetu. Alifungua kifua chake akaonyesha kilichomo, kwa nia ya kuwa mkweli. Lakini waliokuwepo hawakuona kifua kilichofunguliwa. Waliona kitendo: mke mdogo amemsimamisha wifi mkubwa mbele ya mavyaa na mbele ya majirani, na amemlazimisha ama aseme uongo au akiri. Wifi akachagua kusema leso ni nguo.

WAJAPANI PEKE YAO NA WAJAPANI MBELE YA MTU

Msomaji aweza kudhani kwamba watu wanaoficha hasira hawaikasirikii dunia sana, kwamba damu yao ni baridi. Jambo hili lilipimwa. Katika uchunguzi ulioandikwa na Wallace Friesen mwaka 1972, alioufanya pamoja na Paul Ekman, wanafunzi wa Kimarekani na wa Kijapani walionyeshwa filamu za kuchukiza, na nyuso zao zikapigwa picha pasi na wao kujua. Walipotazama kila mmoja peke yake, nyuso za Wajapani na za Wamarekani zilikunjamana karibu sawasawa. Kisha akaingizwa mtu mwenye cheo kuwahoji. Hapo Wajapani wengi wakaufunika uchungu wao kwa tabasamu, na Wamarekani wakabaki wamekunja nyuso zao kama awali.

Kwa hivyo mioyo haikuwa tofauti, kilichokuwa tofauti ni kanuni ya nini kionyeshwe, mbele ya nani. Ekman na Friesen waliziita hizo kanuni za kuonyesha. Kanuni kama hizo hafundishwi mtu darasani. Mtoto huzinyonya pamoja na maziwa, na ndiyo sababu sisi wazee kikaoni tulijua kosa lakini hatukuweza kulitaja.

BIBI ALIYEKASIRIKA KWENYE BARAFU

Kisa kinachofanana zaidi na chetu hakikutokea pwani wala Japani. Kilitokea kaskazini kabisa ya Kanada, kwa Wainuit ambao zamani tukiwaita Waeskimo.

Mwaka 1963 bibi mmoja mtafiti, Jean Briggs, alikwenda kukaa na watu wachache waitwao Wautku, waliokuwa wakihamahama karibu na mlango wa Mto Back. Mzee mmoja, Inuttiaq, akamfanya bintiye, akalala naye pamoja na mkewe na watoto wake katika nyumba ya theluji wakati wa baridi. Watu hao walikuwa na neno, ihuma, maana yake akili au busara. Mtoto mchanga hana ihuma, kwa hivyo huachiwa alie na apige mateke. Mtu mzima anayo. Mtu mzima akikasirika huonekana kama mtoto, na zaidi ya hapo huogopwa, maana katika nchi ambapo bila ya mwenzio utakufa kwa njaa, mtu asiyeweza kujitawala ni hatari kwa wote.

Briggs alizoea kwao kusema lililomkera. Alijitahidi kujizuia, lakini mara kwa mara neno kali lilimponyoka. Walimvumilia. Kisha wakaja wageni weupe, wavuvi wa kujifurahisha, walioletwa kwa ndege wakati wa kiangazi. Waliomba kuazimwa mitumbwi ya Wautku, na ilikuwa miwili tu. Mmoja wakauharibu. Wakarudi kuomba wa pili, ambao ndio uliobaki kwa kazi ya nyavu na safari za mtoni, nao ulikuwa wa Inuttiaq.

Briggs ndiye aliyekuwa mkalimani. Hasira ikampanda kwa ajili ya watu wake. Akawaambia wale wageni kwa Kiingereza, kwa sauti baridi, kwamba wamekwisha kuharibu mtumbwi mmoja, kwamba huu wa pili ndio riziki ya watu hawa, na kwamba mwenyewe hataki kuuazima. Akamgeukia Inuttiaq amuunge mkono. Inuttiaq akasema mgeni apewe alitakalo.

Kwa muda wa miezi mitatu hivi baada ya hapo Briggs alitengwa. Wala hakutengwa kwa ukali. Walimpa samaki, walijibu maneno yake kwa adabu, na walimsaidia alipohitaji msaada, lakini hemani kwake hakuna aliyekuja kuketi. Yeye mwenyewe asema kwamba mwanzoni hakutambua, kwa jinsi adabu ilivyokuwa nyingi. Mambo yalitengenea pale rafiki yake wa Kiinuit aliyekaa mji wa Gjoa Haven alipoandika barua kwa Inuttiaq, akaeleza kwamba yule bibi alikasirika kwa kuwatetea wao, na kwamba kwao kukasirika namna hiyo si kumchukia mtu. Kitabu chake juu ya habari hii kilitoka mwaka 1970.

Nilipokisoma kisa hiki nilizikumbuka zile ahsante za mavyaa. Nilikumbuka pia barua. Kilichomwokoa Briggs ni mtu wa kati, anayezijua nyumba zote mbili, aliyeichukua hasira ile akaifasiri. Kwa kueleza mwenyewe asingefua dafu.

LESO NA KAZI YAKE

Pwani yetu haiko barafuni, na sisi si watu wasiokasirika. Ngoma za lelemama za wanawake wa Mombasa, alizozieleza Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979, zilikuwa na vyama vilivyoshindana na kurushiana maneno kwa nyimbo mpaka mji ukatikisika. Lakini hata humo neno kali halikutoka kwa fulani kumwendea fulani. Lilitoka kwa chama, likaingia katika wimbo, na mwenye kujijua akajijua.

Leso ni njia hiyo hiyo ndani ya nyumba. Ina pindo, ina mji wa kati, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa upande wa chini. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kizungu. Bibi Rose Marie Beck, aliyechunguza mazungumzo ya leso, ametueleza jambo ambalo mama zetu walilijua siku zote: nguvu ya leso ni kwamba haina mwenye kusema. Maneno yametungwa na wengine, yamechapishwa kwa maelfu, na aliyeivaa aweza kusema kwamba amependa rangi. Anayesomewa naye aweza kusema kwamba hakusoma. Kwa hivyo ujumbe umefika, na wote wawili wangali wana njia ya kurudi nyuma bila kuvunjika uso.

Binti yetu alipouliza waziwazi aliifunga ile njia. Leso ilikuwa ni mlango uliofunguliwa kidogo, naye akausukuma mpaka ukagonga ukuta.

Kuna neno la kulifahamu jambo hili, nalo ni aibu. Marc Swartz, Mmarekani aliyekaa Mji wa Kale kwa vipindi vingi akachunguza maisha ya Waswahili wa Mombasa na kuandika kitabu mwaka 1991, aliliona neno hilo kuwa nguzo ya mwendo wetu. Aibu kwetu haikai ndani ya mwenye kosa peke yake. Yamwangukia anayefanya jambo ovu, na yawagusa jamaa zake, na hata aliyekuwepo akashuhudia hujiona ameingia ndani yake. Ndiyo maana majirani waliacha kahawa. Hawakuwa wamekasirika na mtu. Walikuwa wakimkimbilia kila mmoja stara yake, na kuwaachia wenye nyumba ya kwao.

Tena dini imetufundisha stara. Tuliokaa chuoni tunakumbuka kufundishwa kwamba amsitiriye Muislamu mwenziwe Mwenyezi Mungu humsitiri, na kwamba mwenye nguvu si yule ashindaye mieleka bali ni yule ajizuiaye nafsi yake anapoghadhibika. Tulifundishwa hata namna ya kufanya: aliyesimama na aketi, na ikiwa hasira haikwenda na alale, na atie udhu.

PALE KIMYA KINAPOKUWA DHULUMA

Hapa ndipo ningeweza kumaliza, nikamwambia binti yule: umekosa stara, omba radhi. Lakini ningekuwa nimesema nusu ya maneno.

Dini iliyofundisha kuzuia hasira haikufundisha kumeza dhuluma. Katika Suratun Nisaa imeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno maovu yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Na Suratul Mujadila imechukua jina lake kwa mwanamke aliyekuja kujadiliana na Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mumewe. Huyo ni Khawla binti Thaalaba. Mumewe alikuwa amemwambia yale maneno ya kumfananisha na mgongo wa mamake, ambayo Waarabu wa zamani walimwachia mke kwayo akawa si mke wala si mwenye talaka. Hakuambiwa anyamaze kwa kuwa ni aibu. Alisikilizwa, na hukumu ikateremka kwa ajili yake.

Mambo haya mawili, stara na haki ya kusema, yanakutana kila siku katika mahakama za Makadhi. Bibi Susan Hirsch, Mmarekani, aliketi katika mahakama za Mombasa na Malindi miaka ya 1980 akisikiliza kesi za mume na mke, na kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Aliona kwamba mwanamke wa pwani hutazamiwa avumilie na asiyatoe ya nyumbani. Hata hivyo wanawake ndio wengi wa waliofungua kesi, na aghalabu walishinda. Kila mmoja wao alilazimika kuivunja kanuni ya kunyamaza ili apate haki yake. Asimuliapo mateso yake mbele ya Kadhi, mwanamke huyo yuajipatia haki na yuajivunjia sifa ya mke mvumilivu kwa pumzi moja. Wengine walisimulia kwa sauti ya chini, na wengine kwa kuyasema ya nyumbani nusu nusu, wakijua kwamba kila neno lina gharama.

Basi tutajuaje kimya cha stara na kimya cha dhuluma? Mimi naona kuna alama mbili.

Alama ya kwanza ni kama pana mtu wa kati. Mila yetu haikusema mtu asikasirike. Ilisema asiichukue hasira yake mkononi akaipeleka mwenyewe, na ikaweka wa kuipeleka: shangazi, nyanya, mjomba, jirani mzee. Kimya chenye mtu wa kati si kimya, ni barua iliyo njiani. Kimya kisicho na mtu wa kati, ambapo wazee wamekufa au wamehama au hawajali, hicho ni kifuniko tu juu ya chungu kinachochemka.

Alama ya pili ni muda. Mtume ametukataza kumhama ndugu Muislamu zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wa wawili ni yule aanzaye salamu. Siku tatu si kidogo, zatosha mtu kununa na kupoa. Lakini zina mwisho. Briggs alihamwa miezi mitatu, na binti yetu mpaka siku ya kikao alikuwa amehamwa siku kumi na moja, na sisi sote tunaojiita watu wa dini tulikuwa tumenyamaza.

Na kuna uchunguzi mmoja wa kutufahamisha kwa nini kimya hakiwadhuru watu wote sawasawa. Mwaka 2007 Emily Butler na wenziwe walieleza jinsi walivyowaketisha wanawake wawili wawili, wasiojuana, wakawaonyesha filamu ya kuhuzunisha, kisha wakawaacha waizungumze. Baadhi yao waliambiwa kwa siri waufiche uchungu wao. Kwa wanawake wenye mwendo wa Kizungu, kuficha kule kuliharibu mazungumzo: aliyeficha alionekana hamjali mwenziwe. Kwa wale waliokuwa pia na mwendo wa Kiasia madhara hayo yalipungua. Kimya ni lugha, na wenye lugha hiyo hawaumizani nayo kama wageni. Lakini uchunguzi ule ulikuwa wa mazungumzo ya muda mfupi ya watu wasiojuana. Hautuambii lolote juu ya mke aliyenyamaza miaka ishirini.

LILILOKUWA CHINI YA LESO

Kikao kile hakikuamua kitu. Tulisoma Fatiha tukatawanyika. Aliyeamua ni nyanya ya yule mume, ambaye hakuwa hata ameketi nasi. Jioni ile alimwita wifi mkubwa aje amkande miguu, akamwacha anyamaze mpaka akachoka kunyamaza.

Ikatoka habari ambayo hakuna mwanamume hata mmoja aliyeijua. Bibi arusi alipoletwa mwaka uliopita, yule wifi, ambaye ameachwa na hana watoto, alitolewa katika chumba cha juu chenye dirisha la baharini alichokaa miaka tisa, akapelekwa chumba cha chini karibu na choo. Hakuulizwa. Aliambiwa na kakake siku mbili kabla ya arusi kwamba chumba chahitajika. Alisema "haya", na kila mtu akamsifu kwa uvumilivu. Mwaka mzima hakuna aliyekwenda kumuuliza moyo wake u vipi. Leso ile haikuwa chuki ya bure. Ilikuwa ni sauti ya mwisho ya mtu aliyenyamaza mpaka akakosa wa kumpelekea neno lake.

Msomaji ataona kwamba hapa mila haikuvunjwa na yule binti wa Uingereza kwanza. Ilivunjwa na sisi wenye mila. Tulichukua ile nusu inayotustarehesha, ya kunyamaza, tukaiacha nusu yenye kazi, ya kwenda kuuliza.

Nyanya akamwita yule binti. Hakumwambia amekosa. Alimweleza habari ya chumba, akamwambia: "Mwanangu, ulisema kweli, lakini uliisema kwa jicho la watu. Sasa nenda kanunue leso. Utafute jina zuri, lolote la kupendana. Usiikate. Mpelekee wifi yako mwambie akukatie, achukue moja nawe uchukue moja."

Ambaye si mtu wa leso huenda hajui kwamba leso huuzwa mbili kwa pamoja, hazijakatwa. Kumpa mtu akate, ni kumwambia kwamba nguo hii ni moja na sisi tu wawili. Binti alikwenda. Wifi alichukua mkasi, akakata bila kusema neno, akaushona upindo wa zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, ya mwenziwe kwanza. Kesho yake asubuhi mavyaa alimgombeza yule binti kwa kuunguza mahamri, na nyumba nzima ikashusha pumzi.

Mpwa wangu naye aliambiwa na nyanya yake atafute nyumba ya kupanga, na wifi akarudi katika chumba chake cha dirisha la baharini.

Miezi michache baadaye nilikutana na yule binti. Nikamuuliza kama amepoa. Akafikiri, akanijibu kwa adabu: "Nimepoa, ami. Lakini hajawahi kunambia kwamba alinikosea, wala mimi sijamwambia kwamba nasikitika kwa chumba chake. Mambo yote tumeyasema kwa nguo. Kuna siku natamani kuyasikia kwa maneno."

Sikumbishia. Hiyo ndiyo gharama ya mwendo wetu, na mwenye kuilipa aijua kuliko mwenye kuisifu. Mwendo wa kwao nao una gharama yake. Alinisimulia kwamba huko alikolelewa alikuwa na rafiki ambaye waliambiana kila kitu waziwazi, na siku walipogombana hawakuonana tena, maana hapakuwa na nyanya wa kumwita mmoja wao aje amkande miguu.

Siku hizi wengi wa vijana wetu wameiacha leso, hurusha mafumbo yao katika simu. Wanadhani ni mambo yale yale, lakini sivyo. Leso husomwa na walio nyumbani, kisha hufuliwa na kukunjwa. Neno la simu husomwa na watu mia mbili, hunakiliwa, huhifadhiwa, na mwenye kulitupa hawezi kusema kwamba alipenda rangi. Kwa njia hiyo wamechukua ukali wa fumbo na wakaacha stara yake. Wala hapana mtu wa kati aliyebaki kuzipokea zile hasira.

Kwa hivyo, wewe uliye na nyumba yenye watu wengi, usijivunie kwamba kwako hakuna anayepaza sauti. Tazama ni nani aliyeambiwa jambo siku mbili kabla, akajibu "haya". Nenda ukamuulize leo, kabla hajakwenda dukani kuchagua leso.